Mwekezaji anayetaka ada ya wakili kabla ya kutuma mtaji

*“Shikamoo dada. Tuko watatu hapa Mafinga, tulisajili kampuni BRELA mwaka jana. Tunatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mbao kwa wenye mashine za kupasua na tanuri za kukaushia. Mwekezaji wa London alitupata LinkedIn, amekubali kutupa dola 120,000 kwa asilimia 15 ya hisa. Barua ya makubaliano tumeshasaini. Sasa anataka tutangulize shilingi 5,800,000, ada ya wakili wake pamoja na ya kuhamisha fedha, na mtu wao wa Dar ndiye atakayepokea. Anasema mtaji ukifika hela hiyo inarudi. Benki tuna 6,100,000. Taarifa ya akaunti ya miezi sita alishaiomba na tukampa. Ametutumia cheti cha kampuni yake na hati ya SWIFT ya dola zenyewe, nimekuambatanishia. Mwisho ni Ijumaa. Mwenzangu anasema hata wawekezaji wa kweli hulipisha wakili. Tulipe?”*

Marahaba mdogo wangu. Msilipe. Msilipe yote, msilipe nusu, wala msitume “kidogo cha kuonyesha nia”. Nimesoma karatasi zote ulizonitumia, na nitakueleza nilichokiona humo. Lakini nataka uelewe sababu yenyewe, kwa kuwa huyu mkimkataa, mwingine atakuja mwezi ujao na karatasi safi zaidi.

Nianze na mwenzako, maana hoja yake ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaowanasa watu wenye akili zao timamu. Ni kweli kwamba uwekezaji wa hisa una gharama za wakili. Lazima mtu aandike mkataba wa wanahisa, apitie katiba ya kampuni yenu, ahakikishe hisa mnazouza zipo na hazijaahidiwa mtu mwingine. Kawaida kila upande humlipa wakili wake. Na wapo wawekezaji halali wanaoandika kwenye masharti kwamba gharama za wakili wao zitabebwa na kampuni inayopokea mtaji. Hilo si jambo geni, na mimi mwenyewe nimeshapitia mikataba yenye kipengele hicho.

Tofauti iko kwenye kulipa lini, na kwa fedha ipi. Kipengele halali hutaja kiwango cha juu, kisha husema gharama hiyo italipwa siku ya kufunga mkataba kutoka kwenye mtaji wenyewe. Chukua mfano wenu. Mwekezaji ana dola 120,000, wakili wake amefanya kazi ya dola 2,000. Siku ya kufunga, 2,000 zinakwenda kwa wakili, 118,000 zinaingia kwenye akaunti ya kampuni yenu, na kwenye vitabu mnaandika kwamba mmepokea 120,000 na mmelipa gharama ya 2,000. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwenu kabla ya mtaji kuingia. Mwekezaji halali hana sababu ya kutaka hela ya kampuni changa itangulie, maana kampuni hiyo inatafuta mtaji kwa kuwa haina hela.

Ukimwambia huyu wa kwenu akate humo humo, najua atakachojibu, kwa sababu wote hujibu hivyo. Atasema sheria ya utakatishaji fedha hairuhusu kupunguza kiasi kilichoandikwa kwenye hati, au kwamba mtaji umeshafungwa kwenye akaunti ya amana na haugusiki mpaka ada ilipwe. Nilikaa miaka minane kwenye dawati la malipo ya nje katika benki moja hapa Mbeya, kwa hiyo nikuonyeshe inavyokuwa upande wa ndani.

Mtu anapotuma fedha nje ya nchi, benki humpa fomu, na kwenye fomu hiyo kuna sehemu ya gharama yenye chaguo tatu: OUR, SHA na BEN. Akichagua OUR, gharama zote ni za mtumaji. Akichagua SHA, mtumaji analipa za benki yake, na za benki nyingine njiani hukatwa kwenye fedha inayosafiri. Akichagua BEN, zote hukatwa kwenye fedha inayosafiri. Hakuna chaguo la nne la mpokeaji kulipa kwanza. Na angalia jambo hili: katika chaguo mbili kati ya hizo tatu, kiasi kinapunguzwa njiani, kila siku, na benki halali, bila sheria yoyote kuvunjwa. Mteja wangu aliyekuwa akiuza vanila nje alizoea kuona dola 20 au 30 pungufu kila malipo yakiingia. Hakuwahi kupigiwa simu aitangulize hiyo pungufu. Kwa hiyo anayekwambia fedha haiwezi kukatwa ikiwa njiani anakwambia kinyume cha jinsi fedha zinavyosafiri duniani kote.

Sheria ya utakatishaji fedha ipo kweli, ni ya mwaka 2006, na dola 120,000 zikiingia kwenye akaunti ya kampuni ndogo ya Mafinga benki yenu itauliza maswali. Lakini itauliza kwa kuomba nyaraka: mkataba, maelezo ya mtumaji, taarifa za kampuni kutoka BRELA. Itawaomba nyinyi, kwenye tawi lenu, na haitauza cheti. Ukisikia “cheti cha kupambana na ugaidi”, “kodi ya kuachilia fedha” au “msimbo wa COT” ambao lazima ununuliwe ili muamala uendelee, jua hakuna benki yenye kitu hicho. Hata kodi isiwatishe. Mtaji unaoingia kwa kununua hisa si mapato ya kampuni, na TRA haidai kodi ya mapato kabla haujaingia.

Sasa tuje kwenye karatasi zako. Hati ya SWIFT ndiyo iliyowapa moyo, naona, kwa hiyo ishike mkononi tuiangalie pamoja. Juu kuna msimbo wa benki iliyotuma. Msimbo wa SWIFT huwa na herufi 8 au 11 basi, haupungui wala hauzidi hapo. Nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, mbili ni za mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. Hesabu wa kwako: ni 9. Halafu tazama herufi ya tano na ya sita, zimeandikwa UK. Nchi ya Uingereza kwenye misimbo hiyo ni GB, haijawahi kuwa UK. Mtu aliyeitengeneza hati hii hajawahi kukaa mbele ya mashine ya benki.

Shuka chini penye namba ya ufuatiliaji, ile ndefu inayoitwa UETR. Namba halali ina tarakimu na herufi 32 zilizogawanywa kwa vistari vinne, na kundi la tatu huanza na 4. Ya kwako ina vistari viwili. Lakini nakusihi usiitumie orodha hii kama kipimo cha mwisho. Tapeli mwangalifu atapatia yote hayo. Kipimo cha uhakika ni kimoja: ipeleke namba hiyo kwenye tawi la benki yenu, waulize kama kuna malipo yanayokuja kwa jina la kampuni. Dola zilizotumwa kweli huonekana kwenye mfumo wa benki, na karatasi ya PDF iliyokuja kwa WhatsApp si fedha.

Cheti cha kampuni yake ni cha kweli, na hilo lisikuchanganye. Nimeitafuta kampuni kwenye daftari la wazi la Companies House la Uingereza, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure kwenye mtandao. Ipo. Imesajiliwa miezi mitatu iliyopita, ina mtaji wa pauni 1, na anwani yake ni ofisi ya kupokelea barua inayotumiwa na kampuni nyingi sana. Kwa miaka mingi daftari lile lilikuwa likisajili kampuni bila kuhakiki kwamba wakurugenzi ni watu wa kweli. Uhakiki wa lazima ulianza Novemba 2025, nao unahusu mtu ni nani, hauhusu ana fedha kiasi gani. Kwa hiyo cheti kinathibitisha kwamba mtu fulani alijaza fomu na kulipa ada ndogo. Hakisemi kwamba ana dola 120,000.

Unaweza pia kuangalia daftari la FCA, chombo kinachosimamia kampuni za fedha kule. Jina lake halimo. Hilo peke yake halimtii hatiani, kwa sababu mtu anayewekeza hela yake mwenyewe hahitaji kibali cha FCA. Lakini barua yake inasema anasimamia fedha za wateja, na anayesimamia fedha za wateja Uingereza anatakiwa awe humo. Na kama siku moja utampata mwekezaji ambaye jina lake limo, usimpigie kwa namba iliyo kwenye barua yake. Piga ile iliyo kwenye daftari, kwa kuwa matapeli huazima majina ya kampuni halali na kuweka simu zao.

Kuna jambo moja kwenye swali lako ambalo umelitaja kwa kupita, nami limeniuma kuliko hayo yote. Uliwapa taarifa ya akaunti, ina 6,100,000, na ada ikaja 5,800,000. Hiyo si bahati mbaya. Wakili huweka bei yake kwa kuangalia kazi. Hawa huweka bei kwa kuangalia mfuko wako, wakabakiza kidogo ili usistuke.

Nililiona hilo kwa mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anaanza kukamua mafuta ya parachichi. Aliahidiwa dola 80,000. Naye aliombwa taarifa ya benki “kwa ajili ya uhakiki”, alikuwa na milioni mbili na kitu, ada ya kwanza ikawa 1,900,000. Akalipa. Baada ya siku nne akapigiwa, akaambiwa hongera, fedha zimefika Nairobi, ila zimezuiliwa kwa kukosa cheti, 1,400,000. Alikopa kwenye kikoba chao. Wiki iliyofuata ikaja “bima ya muamala”, 2,600,000, na hapo ndipo alipouza ng'ombe wawili wa maziwa. Alipokuja kwangu alikuwa ameshikilia karatasi ya malipo ya nne, anataka nimsaidie kupata mkopo wa haraka. Nilimuuliza kwa nini hakuacha kwenye ya pili. Akanijibu, “Ningeacha, ile ya kwanza ingekuwa imepotea.” Kila malipo yalikuwa yanalinda malipo yaliyotangulia. Na mtu aliyekuwa akimpigia alilijua hilo vizuri, ndiyo maana kila mara alimwambia hii ndiyo ya mwisho. Ahadi ya kwamba ada inarudishwa kazi yake ni hiyo hiyo: inafanya uone kama hutoi hela, unaiweka tu mahali kwa muda.

Huenda bado moyoni unajiuliza: je, akiwa wa kweli, nikamkosa kwa 5,800,000? Nakujibu kwa uwazi. Mimi siwezi kuthibitisha kutoka kwenye karatasi kwamba mtu fulani ni mwizi, na wewe huhitaji kuthibitisha. Unachohitaji ni kukataa kutanguliza fedha, basi. Akiwa wa kweli, kukata ada kwenye mtaji hakumgharimu kitu, na mazungumzo yataendelea. Akiwa si wa kweli, atakasirika, atakupa siku mbili za ziada, au atapunguza ada iwe nusu. Ada ya wakili halisi haishuki nusu kwa sababu mteja amesita.

Halafu jiulize amewauliza nini kuhusu kifaa chenu. Umeniandikia kurasa mbili za mazungumzo yenu, na sikuona swali hata moja la maana. Mtu anayeweka dola 120,000 angetaka kujua kifaa kinasoma vipi mbao za msindano zilizotoka kupasuliwa na zile zilizokaa tanurini siku tano, wenye tanuri wangapi wamekinunua, na wangapi wamekirudisha. Angemtuma mtu afike Mafinga, ashinde siku nzima kwenye viwanda. Huyu aliwaomba kitambulisho, katiba ya kampuni na taarifa ya benki, akaridhika.

Si kila gharama ni utapeli, na sitaki siku moja mkimbie mtaji halali kwa woga. Mtamlipa wakili wenu mwenyewe, mliyemchagua nyinyi na kukaa naye ofisini. Kabla ya hapo hakikisheni jina lake kwenye e-Wakili, daftari la mawakili la Mahakama. Mkitoa hisa mpya mtapeleka taarifa BRELA na kuna ada, ila ada ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, inaingia serikalini na stakabadhi inatoka. Mtu wa Dar anayewapa namba yake ya simu au akaunti yenye jina lake binafsi apokee “ada ya wakili wa London” hawezi kuwa njia ya malipo yoyote kati ya hayo. Wakili wa London ana akaunti London.

Kuhusu barua mliyosaini, nimeisoma. Haina tarehe ya kulipa mtaji, haina saini ya shahidi, na kipengele cha “fidia ya kuvunja makubaliano” kimewekwa kuwatisha. Atakapowatishia mahakama, na huenda akatishia, msikimbilie kulipa ili yaishe. Mpelekeeni wakili barua hiyo Iringa au hapo hapo Mafinga. Ni kazi ya saa moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa sasa ni nyaraka zenu zilizo mikononi mwake. Nendeni tawini kesho asubuhi, mwombe kuonana na meneja, mweleze kwamba kitambulisho, katiba na taarifa ya akaunti vimefika kwa mtu msiyemwamini, aweke alama kwenye akaunti. Kila mmoja wenu apige *106# aone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yake bila yeye kujua. Na fedha yoyote ikiingia kwenye akaunti yenu kutoka msikokujua, hata kama mwekezaji atasema ni yake, imekosewa, na kwamba mrudishe kiasi fulani kwa mtu fulani, msiiguse. Iambieni benki, irudishe benki. Kupitishia watu fedha za wizi ndiyo hatua ya pili ya mchezo huu kwa wale wanaokataa ada, na hapo polisi wanaanza na mwenye akaunti.

Kama mmoja wenu alishatuma hata sehemu ya hela bila kuwaambia wengine, na hutokea kwa nia njema kabisa, asione haya akanyamaza. Apige simu saa hiyo hiyo kwa mtandao au benki aliyotumia na aombe muamala uzuiwe. Fedha ambayo mpokeaji hajaitoa inaweza kushikiliwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi ya polisi na huchukua muda mrefu. Kisha aende kituoni afungue jalada na apewe RB, akiwa na mazungumzo yote ya WhatsApp, namba na stakabadhi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na kufanya hivyo kwa mtandao kunaguswa pia na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba ya huyo mtu wa Dar iripotini TCRA kwa kuituma kwenda 15040. Msifute chochote na msimzuie kwenye simu kabla ya kuhifadhi mazungumzo. Na baada ya wiki chache, akijitokeza “wakili” au “mpelelezi” wa kuwarudishia fedha kwa ada kidogo, huyo ni yule yule kwa jina jingine.

Leo jioni mwandikieni ujumbe mmoja, kwa Kiingereza chake, wenye maana hii: “Tumeshauriwa kwamba gharama zote za wakili na za kutuma zikatwe kwenye mtaji siku ya kufunga mkataba. Tupe jina la wakili wako na namba yake ya usajili ili wakili wetu awasiliane naye moja kwa moja. Hatutatanguliza malipo yoyote.” Msibishane wala msimtukane, na akipiga simu msipokee mkiwa mmoja mmoja. Jibu atakalotoa lihifadhini, mlipeleke kwa wakili pamoja na ile barua.